Kadiria Kwanza, Mwamini

Mukantwari hana haraka, na hilo ndilo lililonikera tangu siku tuliyopangwa benchi moja. Mimi ni Mwamini wa Biryogo, binti wa muuza vitenge, na kwetu Biryogo mtu asiyejibu upesi anadhaniwa ni kiziwi au ana lake jambo. Yeye ukimuuliza kitu anainamisha kichwa, anavuta pua kidogo kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha, halafu ndipo anajibu. Mwezi mzima nilidhani ananidharau. Kumbe wapi, alikuwa anapima.

Tulikuwa shule ya wauguzi ya masista, hapa Kigali, mwaka wa pili. Mimi narudi nyumbani kila jioni Biryogo, yeye anarudi Ndera, kwenye nyumba ya udongo chini ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama yake ni mfuaji wa mashuka ya hospitali hiyo. Mukantwari amekua kwenye kamba zile za kuanikia, akicheza kati ya mashuka, na kulikuwa na mwanamke mmoja mgonjwa aliyekuwa akimsuka nywele. Siku akiwa na nafuu alimsuka vizuri, mistari imenyooka. Siku nyingine alimtazama kama hajawahi kumwona. Mukantwari aliniambia anataka kuwa muuguzi hapo hapo, si hospitali kubwa ya mjini, si Ubelgiji. Nikamcheka. Nikamwambia wenzako wanasoma ili waondoke, wewe unasoma ili urudi? Akavuta pua yake, akasema ndiyo.

Basi hicho ndicho alichokitaka duniani, na mlango wake ulikuwa mmoja: mtihani wa dozi. Ukiupita unavaa nguo nyeupe na kuingia wodini. Ukianguka, au usipotokea, unaondoka shuleni na kiti chako anapewa mwingine, maana waliokuwa wakikingojea walikuwa wengi. Hapakuwa na kurudia. Mama yake alikuwa na imani hadi akawahi kununua kitambaa cheupe na kukipeleka Remera kwa fundi Ndayisaba, akashona ile nguo kabla ya mtihani. Ilining'inia pale juu ya cherehani, imefunikwa gazeti isishike vumbi.

Mimi sikuwa na nguo ya kungoja, na kwa haki nisingekuwa nayo. Hesabu naziweza, tena upesi. Kuzidisha, kugawanya, baba alinifunza dukani kabla sijaota meno ya utu uzima. Tatizo langu lilikuwa koma, ile ya desimali. Tarakimu zinatoka sawa sawa, lakini ile koma inakaa inapotaka yenyewe, leo hapa, kesho pale. Na mwalimu wetu wa dozi, Silvère, mtu mpole mwenye koti moja la kahawia, alikuwa na sheria moja kali kuliko yeye mwenyewe: jibu linaloua ni sifuri. Hata njia yako iwe imenyooka namna gani, jibu la mwisho likiwa la kumuua mgonjwa, hupati hata nusu alama.

Kwenye jaribio la Januari alituuliza mtoto wa kilo ishirini, anatakiwa apate kwinini miligramu kumi kwa kila kilo, na ampuli moja ina miligramu mia sita ndani ya mililita mbili. Nikamaliza wa kwanza. Nikaandika 6,7 na kuweka kalamu chini kwa madaha. Siku ya kurudisha karatasi Silvère akaniita mbele, akanipa kisanduku cha ampuli tupu, akasema, haya Mwamini, mpe mtoto dozi yako. Nikatoa ampuli ya kwanza, mililita mbili. Ya pili, nne. Ya tatu, sita. Na bado. Darasa lilikuwa limeshaanza kucheka. Silvère hakucheka. Alichukua ampuli zile kutoka mkononi mwangu, akaniambia niende nikakae.

Nililia nyuma ya jiko la shule, na si kwa huzuni, kwa hasira. Mukantwari akanifuata na kukaa karibu yangu, hakusema pole. Aliniuliza tu ampuli nzima ina ngapi. Nikamjibu mia sita, kwani mimi mjinga? Mtoto anataka ngapi? Mia mbili.

"Basi hamalizi hata ampuli moja," akasema. "Ni theluthi yake. Jibu lako linaweza kuzidi mililita mbili?"

"Haliwezi."

"Hata moja halifiki. Ungelijua hilo kabla hujashika kalamu."

Nikamuuliza kwa ukali, kama mtu anajua jibu kabla, kazi ya hesabu ni nini? Akainamisha kichwa. Akaniambia kukadiria hakukupi jibu, kunakupa ua. Ukishajenga ua, unapiga hesabu yako taratibu, na jibu likiangukia nje ya ua unajua koma imekukimbia, unarudi kuitafuta. Ndani ya ua bado unaweza kukosea, ukaandika 0,76 badala ya 0,67, na ua hautakuonyesha. Kwa hiyo hesabu lazima ipigwe. Lakini makosa yanayoua, mara nyingi ni yale yanayoruka ua.

Alisema kweli, ila kusikia na kufanya ni mambo mawili. Mimi mkono wangu ulikuwa unatangulia. Kila tukifanya zoezi, nilipiga hesabu kwanza, halafu nikajifanya nakadiria, na kadirio langu, ajabu, lilifanana daima na jibu langu. Mukantwari akawa ananikamata. Ananishika kidole cha shahada, anasema kadiria kwanza, Mwamini, na hakiachii mpaka nimesema kwa mdomo: ni chini ya moja, au ni karibu arobaini. Nilikuwa namchukia nusu saa nzima kila siku, na jioni namsindikiza hadi kwenye teksi.

Februari ya mwaka jana, tisini na tatu, vita vikapamba moto upya kaskazini. Watu waliokimbia wakajaa pembeni mwa mji na vitanda vyao vichwani. Masista wakafunga shule kwa muda. Mtihani, wakasema, uko pale pale: Alhamisi ya wiki ile watakayofungua. Bariyeri za askari zikawa kila mahali, na baba akanikataza kwenda Ndera. Mukantwari naye mama yake akamkataza kuja Biryogo. Remera, katikati ya njia, ndipo tulipoweza kufika wote wawili, tena mchana, tena kwa sababu ya maana. Yeye alikuwa akileta viazi vitamu sokoni, mimi nikipeleka vitenge vya baba kwa Ndayisaba. Kwa hiyo tukawa tunaachiana ujumbe kwa fundi, kwenye mtoto wa meza ya cherehani, katikati ya vifungo.

Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa maelezo, na nilimjibu nimeelewa, ingawa sikuwa nimeelewa. Alinifahamu. Ndipo, Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani, akaniandikia wa pili. Humo hakueleza kitu. Aliandika maswali matatu na majibu yake matatu, kwa Kinyarwanda chetu cha shule chenye Kifaransa ndani, na juu yake akaweka maneno machache. Aliukunja, akauficha kwenye kitenge kiunoni, akajitwisha viazi vyake.

Haukufika. Nilipofika kwa Ndayisaba saa za alasiri nilimkuta ameacha kushona, mikono juu ya magoti. Akaniambia bila kunitazama kwamba Mukantwari amekamatwa kwenye bariyeri kabla ya Remera. Muuza mkaa aliyekuwa nyuma yake ameona yote. Askari wamesoma kitambulisho chake kwa muda mrefu, hasa pale palipoandikwa kabila, halafu wamempekua, wamekuta karatasi yenye namba. Wakamwuliza ni namba za nini. Akainamisha kichwa, akavuta pua.

Nilipiga meza ya watu kwa ngumi. Siku zote nilimwambia, jibu upesi, jibu upesi, dunia hii haikungojei. Askari gani atamngoja mtu apime maneno? Kumbe mmoja wao alisema anatunga uongo, wakampakia kwenye gari la jandarma. Viazi vimebaki barabarani, na vikaokotwa.

Nyumbani baba akaniambia nikae kimya. Alikuwa na sababu zake, baba. Mwaka wa tisini majirani zetu wawili walichukuliwa, na mmoja alirudi hawezi kuinua mkono. Alisema jina langu liko kwenye karatasi ile, nishukuru hawajanijia. Mama alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza na machozi yakimtoka, akisingizia moshi. Jumapili nzima nilizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Jumatatu asubuhi nikavaa mtandio wangu, nikachukua daftari langu la dozi, nikaondoka baba akiwa msikitini.

Kwenye kituo cha jandarma nilimkuta mama Mukantwari amekaa nje, chini ya ukuta, na kibuyu cha uji wa mtama mapajani. Alikuwa pale tangu Jumapili. Walipokea uji mara moja, mara ya pili wakamwambia aunywe mwenyewe. Aliponiona akanishika mkono, mikono yake migumu kwa sabuni ya mashuka, akaniuliza kama mtihani bado ni Alhamisi. Nikamwambia ndiyo mama. Akasema basi siku bado zipo.

Walinifikisha kwa luteni mmoja kijana. Alikuwa amesoma, ilionekana kwenye mwandiko wake, na mezani alikuwa na ujumbe wa Mukantwari aliounukuu kwa mkono wake mwenyewe, na kando yake hesabu zimejaa ukurasa. Aliniuliza kama mimi ndiye Mwamini. Nikasema ndiye. Akanisomea, polepole, kama mwalimu anayetoa imla:

"'Mwamini, moja tu ndiyo ya kweli. Mbili ni za uongo, na ukiziamini utaua mtu. Usipige hesabu. Tazama ukubwa tu, utajua.'" Akaweka karatasi chini. "Nani atauawa?"

"Mgonjwa, afande."

"Mgonjwa gani? Yuko wapi?"

"Hayupo. Ni wa karatasi."

Nikamweleza habari ya shule, ya mtihani, ya mwalimu Silvère na sifuri yake. Nilisema upesi, kama kawaida yangu, na kadiri nilivyosema upesi ndivyo uso wake ulivyojifunga. Akanikatiza. Alisema mwanzoni na yeye alifikiri ni hesabu za shule, ndiyo maana amekaa akazipiga moja moja, mara mbili. Ya kwanza haitoki. Ya tatu haitoki. Msichana anayejua kupanga maswali namna hii, kwa nini aandike majibu ya uongo kwa makusudi, na ayapeleke mahali pa siri? Hesabu isiyotoka si hesabu, alisema, ni kitu kingine.

"Aliandika uongo ili niutafute," nikasema.

"Basi utafute." Akanisukumia karatasi, akaichukua kalamu na daftari langu akaviweka upande wake. "Kama kweli mmezoea mchezo huu, hutahitaji hivi."

Wallahi! Mimi ndiye sasa shahidi wa Mukantwari, mimi mwenye koma isiyo na kwao. Nilitazama swali la kwanza: mtoto kilo kumi na tano, kwinini miligramu kumi kwa kilo, ampuli mia sita ndani ya mililita mbili, jibu mililita tano. Mkono wangu ukataka kuandika hewani. Nikakishika kidole changu cha shahada mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akinifanyia, nikakibana mpaka kikaniuma.

Nikasema kwa mdomo. Mtoto anataka mia na hamsini. Ampuli ina mia sita. Ni robo ya ampuli, na ampuli ni mililita mbili tu, kwa hiyo ni nusu mililita. Tano ni zaidi ya ampuli mbili. Huyu mtoto amekufa. Ya kwanza ni ya uongo.

Nikaenda la pili: dripu ya lita moja kwa saa nane, matone ishirini katika kila mililita, jibu matone arobaini na mawili kwa dakika. Lita ni mililita elfu. Elfu kwa nane ni kama mia na ishirini na kidogo kwa saa. Saa ina dakika sitini, basi ni kama mbili kwa dakika, na kila moja ina matone ishirini. Karibu arobaini. Amesema arobaini na mawili. Iko ndani ya ua. La tatu lilikuwa penisilini, chupa ya yuniti milioni moja imeyeyushwa kuwa mililita kumi, mgonjwa anatakiwa apewe laki tatu, jibu 0,3. Laki tatu ni karibu theluthi ya milioni, basi ni karibu theluthi ya mililita kumi, yaani tatu. Yeye kaandika sehemu ya kumi ya hiyo. Hili haliui kwa sindano, linamwacha mgonjwa afe kwa ugonjwa. Ya uongo.

"Ya pili ndiyo ya kweli," nikasema.

Alivuta karatasi. Akaitazama hesabu yake ndefu ya dripu, ukurasa mzima, halafu nikamwona midomo yake inacheza: elfu kwa nane, mia na ishirini, mbili, arobaini. Akatabasamu. Kwa kitambo kile alikuwa mwanafunzi tu kama sisi. Akafanya na ya penisilini peke yake, akanitazama kuona kama amepata, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwitikia kwa kichwa kama mwalimu.

"Ni hesabu kweli," akasema.

"Basi mwachie, afande. Mtihani ni Alhamisi. Asipoufanya anapoteza kiti."

Tabasamu likamtoka pole pole. Alisema karatasi yenyewe haiko tena hapo. Imepelekwa juu jana, pamoja na msichana, na maelezo yake yeye mwenyewe.

"Maelezo gani?"

"Kwamba nimezipiga na hazitoki."

Nikamwambia aandike mengine, aseme sasa zimetoka. Nilimsihi, mimi ambaye simsihi mtu. Akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akasema akiandika mengine wataulizana kwa nini alikosea mara ya kwanza, na nani aliyemfundisha mara ya pili. Akachukua kitambulisho changu kutoka mezani, akakisoma, akanirudishia. Akasema yeye hajaniona, na kwamba nirudi nyumbani kwa njia ya chini, si kwa bariyeri ya barabara kubwa. Nadhani aliona amenitendea wema.

Nje mama Mukantwari aliinuka na kibuyu chake. Nilimwambia nimemweleza afande na amekubali kwamba ni hesabu. Uso wake ukafunguka, akauliza, kwa hiyo anatoka? Ilibidi nimwambie hayuko hata humo ndani, ameshapelekwa, na hakuna aliyeniambia wapi. Alikaa tena chini pale pale. Uji ule aliendelea kuushikilia.

Masera mkuu, yaani sista mwenye shule, alijitahidi, simsemi vibaya. Alipiga simu wizarani, akapiga tena, aliyejibu alisema mwenye jambo hilo hayupo. Alivaa viatu vyake vya safari akaenda mwenyewe, akarudi jioni hajapokelewa. Nikamwomba basi aahirishe mtihani, hata kwa wiki moja. Akasema tarehe haikuwa yake. Silvère alisimama pale mlangoni na koti lake, alikuwa amesikia yote, na nilimngoja aseme neno. Alisema kwamba katika miaka yake yote hajaona msichana anayejua ukubwa wa jibu kama Mukantwari. Hilo halikumsaidia mtu.

Alhamisi ikafika. Silvère aligawa karatasi za mtihani, na moja akaiweka kwenye nafasi ya Mukantwari, karibu yangu, akaigeuza uso chini kama zetu. Nilifanya mtihani ule na kidole changu kimefungwa uzi wa cherehani nilioomba kwa Ndayisaba, ili nikumbuke. Kila swali nilikadiria kwanza, pembeni, kwa maneno: chini ya moja, karibu thelathini, nusu ampuli. Swali la nne hesabu yangu ilinipa mililita kumi na mbili na kadirio langu lilikuwa limesema moja na kidogo. Zamani ningeliamini kalamu. Nikarudi, nikaikuta koma ilipokwenda. Ile karatasi nyingine ilibaki imegeuzwa mpaka kengele, na Silvère akaikusanya pamoja na zetu, ikiwa ya kwanza.

Nilipita. Nilipita vizuri, watu wa Biryogo wakashangilia, baba akachinja. Sikula.

Mukantwari walimwachia baada ya Pasaka, bila kesi, bila neno, kama vile mtu anavyotupa maji ya kuoshea vyombo. Nilikwenda Ndera safari hiyo bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Alikuwa amekaa kwenye mkeka nje, amekonda, jicho moja bado jekundu, na nywele zake zilikuwa zimenyolewa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nilitaka kumtukana kila askari kwa jina la mama yake. Yeye alinitazama, akavuta pua, akaniuliza:

"Ulipata? Ipi ilikuwa ya kweli?"

"Dripu," nikasema.

Akafumba macho, akaitikia. Aliniambia hilo ndilo lililomsumbua kule ndani kuliko mengine, kwamba hakuniachia majibu na mtihani umekaribia. Mimi, Mwamini, ambaye mdomo wangu hauna breki, nilikaa kwenye ule mkeka nikikuna miguu yangu mpaka jua likageuka. Kiti chake kilikuwa kimeshachukuliwa na msichana kutoka Ruhengeri, msichana mwema, hana kosa. Namkopesha kalamu.

Hivi sasa ni Februari, tisini na nne. Mukantwari anafua mashuka pamoja na mama yake. Nguo nyeupe bado iko kwa Ndayisaba. Mama hajaichukua na fundi hajataka kuiondoa, anabadilisha gazeti tu likichakaa. Mimi niko wodini siku nyingi, na kabla ya kila sindano nashika kidole. Wenzangu wananitania kwamba naomba dua.

Jumapili iliyopita nilimpelekea habari. Masera amepata ruhusa hatimaye: wale waliokosa mtihani kwa sababu ya vita watapewa nafasi nyingine, mwezi wa Julai. Sikumwandikia. Siku hizi hatuandikiani chochote, maswali nayabeba kichwani hadi Ndera na kumtamkia, naye anajibu akisuuza. Nilimsimulia ya Julai kwa pumzi moja. Amani imetiwa saini, nikasema, askari wa Umoja wa Mataifa wapo, kiti kipo, nguo ipo. Hesabu yote imetoka. Bado miezi mitano tu.

Alikuwa ameshika ncha moja ya shuka na mimi nyingine, tunalikamua. Akainamisha kichwa kama afanyavyo anapoonyeshwa jibu la mtu. Maji yalikuwa yakidondoka kati yetu. Chini barabarani lori la vijana wenye marungu lilikuwa linapita wakiimba, na mama yake alisimama akalitazama mpaka likapotea.

"Julai," akasema. "Hapana, Mwamini. Jibu lako naliona kubwa mno, liko nje ya ua."

Nilimkasirikia. Nilimwambia asiwe mtu wa kukata tamaa, kwamba miezi mitano ni midogo, nikamhesabia kwa vidole mmoja mmoja. Hakubishana. Tulianika lile shuka, tukachukua jingine, na jioni akanisindikiza hadi kwenye teksi.